Nyumba kwenye kiwanja chembamba: mwanga, ukuta wa pamoja na umbali wa mpaka

Na Mwandishi Wetu

Katika maeneo mengi ya miji yaliyorasimishwa, mwananchi anapopata leseni ya makazi au hati yake hugundua jambo ambalo alikuwa akiliishi bila kulipima: kiwanja chake ni kirefu kuliko upana wake. Mita 6 upande wa mtaa, mita 18 au 20 kwenda ndani, jirani kulia na jirani kushoto. Nyumba ya awali ya vyumba vinne imechakaa, familia imeongezeka, na akiba iliyopo inatosha kujenga mara moja tu. Kosa likifanyika kwenye mchoro, familia itakaa ndani ya giza na joto kwa miaka yote ya nyumba hiyo, au itaingia kwenye mgogoro wa mpaka ambao gharama yake inaweza kuzidi ile ya kuezeka.

Makala haya yanafuatilia kiwanja kimoja cha mfano chenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 20, yaani mita za mraba 120, katika jiji la Dar es Salaam. Mtaa uko upande wa kusini, majirani wako mashariki na magharibi, na upande wa kaskazini kuna kiwanja kingine. Mmiliki anataka nyumba ya ghorofa moja, yaani sakafu ya chini na ya juu, yenye sebule, jiko, chumba cha mama yake mzazi chini, na vyumba vya watoto juu. Umbali wa mipaka unaotajwa humu ni wa mfano. Masharti halisi hutolewa na halmashauri husika kulingana na mchoro wa mipangomiji wa eneo, ukubwa wa kiwanja na matumizi yake, nayo ndiyo yanayopaswa kuingizwa kwenye hesabu.

Kwanza mpaka, kisha mchoro

Kwenye kiwanja cha mita 30 kwa 40, kosa la sentimita 20 katika kuutambua mpaka halimsumbui mtu. Kwenye kiwanja cha mita 6, sentimita 20 ni unene wa ukuta mzima pamoja na lipu yake. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ni kumwita mpimaji ardhi aliyesajiliwa ili azionyeshe upya alama za mpaka, ambazo wengi huziita bikoni, kwa kutumia ramani ya upimaji. Uzio wa zamani, mti wa mwarobaini au ukuta wa choo cha jirani si mpaka hata kama umekuwepo kwa miaka 30. Inafaa majirani wote wawili wawepo siku hiyo pamoja na kiongozi wa mtaa, kwa kuwa alama iliyoonekana na wote haibishaniwi kwa urahisi baada ya ukuta kusimama.

Baada ya hapo hufuata kile ambacho masharti ya ujenzi hukiita umbali wa kurudi nyuma kutoka mpaka. Umbali huo hupimwa kutoka mpaka wa kiwanja, si kutoka ukingo wa lami wala mtaro wa barabara. Wananchi wengi huchanganya mambo hayo mawili, wakaihesabu ardhi iliyo kati ya lami na bikoni kuwa yao. Jambo lingine la kuuliza mapema katika ofisi ya mipangomiji ni kama upenu wa paa, ngazi za nje na baraza la juu vinahesabiwa kuwa sehemu ya jengo, kwani sentimita 60 za upenu zinaweza kuugeuza mchoro uliokubalika kuwa mchoro unaorudishwa.

Tuseme kiwanja chetu kinatakiwa kuacha mita 3 mbele, mita 3 nyuma, na mita 1.5 kila ubavu. Mita 3 za mbele hazipotei. Hapo litakaa karo la maji taka, maana gari la kunyonya haliwezi kupita ndani ya nyumba hadi uani, na hapo pia ataegesha pikipiki yake. Mita 3 za nyuma zinabaki kuwa ua wa kuanikia nguo na kupikia siku za shughuli. Urefu unaosalia kwa nyumba ni mita 14.

Kwenye ubavu hesabu inageuka. Ukitoa mita 1.5 kila upande, upana wa nje wa nyumba unakuwa mita 3 tu, na ndani, baada ya kuta na lipu, hupatikani upana unaozidi mita 2.65. Hakuna njia ya kuweka ngazi na chumba kando kwa kando katika upana huo. Wakati huohuo vichochoro viwili vya mita 1.5 vimechukua mita za mraba 42, zaidi ya theluthi moja ya kiwanja chote, na havitoi mwanga wa maana kwa sababu jirani naye atajenga ukuta wake upande wa pili. Mtu anayefahamu mitaa ya aina hii anajua mwisho wa vichochoro hivyo: matofali yaliyobaki, mapipa yaliyopasuka na maji yaliyotuama.

Zipo njia mbili za kutoka kwenye mkwamo huo, na zote huhitaji idhini ya halmashauri kabla ya kuchimba. Ya kwanza ni kugusa mpaka upande mmoja na kuacha mita 1.5 upande wa pili, ambapo upana wa ndani unafika takriban mita 4.15. Ya pili ni kugusa mipaka yote miwili, na hapo upana wa ndani unakuwa kama mita 5.6. Njia hii ya pili ndiyo inayohitaji kisima cha mwanga na makubaliano ya kuta, nayo ndiyo tutakayoifuata. Ikiwa halmashauri itaikataa kwa sababu za zimamoto au za mpango wa eneo, mmiliki hurudi kwenye ya kwanza. Hapaswi kujenga kwanza na kuomba baadaye.

Giza la katikati

Ujenzi wa kugusana si mgeni katika pwani yetu. Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa kale wa Lamu zimejaa nyumba zilizoshikana mabega, ambazo hazina madirisha ya ubavuni. Mafundi wa zamani waliacha uwazi wa ndani, ambao Lamu huitwa kiwanda, na vyumba vikapata hewa na mwanga kutoka humo. Upana wa vyumba uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo hazikuweza kuvuka kiasi kinachozidi mita 3 hivi bila kupinda. Mmiliki wa leo ana zege na nondo, hivyo boriti hazimbani tena, lakini jua na upepo ni vilevile.

Kanuni inayotumiwa na wabunifu ni rahisi kuikumbuka. Mwanga wa dirisha hufaa hadi umbali wa mara mbili, au mara mbili na nusu, ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha hilo kutoka sakafuni. Dirisha ambalo ukingo wake wa juu uko mita 2.1 litaangaza mita 4 hadi 5 kwenda ndani. Baada ya hapo utahitaji taa hata saa sita mchana. Nyumba yetu ina urefu wa mita 14. Dirisha la mbele likiangaza mita 4.5 na la nyuma mita 4.5, katikati zinabaki mita 5 za giza. Mara nyingi huko ndiko watu huweka ngazi na chumba cha kulala, na mara nyingi huko ndiko ukungu mweusi huanza kuota ukutani baada ya masika mbili au tatu.

Kisima cha mwanga ni uwazi unaoachwa kutoka paa hadi sakafu ya chini ili kuikata sehemu hiyo ya giza. Katika mchoro wetu tunakiweka ubavuni mwa mashariki, mara baada ya sebule, kikiwa na urefu wa mita 2.4 kutoka kusini kwenda kaskazini na upana wa mita 2.2. Kwa upande wa magharibi zinabaki mita 3.25 zinazotosha ngazi, njia ya kupita na meza ya kulia chakula. Kutoka mtaani, mtu anaingia sebule yenye urefu wa mita 4.5, anapita kando ya kisima, anakuta chumba cha mama chenye urefu wa mita 3.2, kisha jiko na choo nyuma, vikitazama ua. Sebule inapata dirisha la pili linaloangalia kisimani, na chumba cha mama kinapata lake kutoka upande wa pili wa kisima hichohicho.

Vipimo hivyo havikuchaguliwa kwa kubahatisha. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, kwenye kimo cha takriban nyuzi 60. Mwezi Desemba huwa upande wa kusini, nyuzi 73 hivi. Mwanzoni mwa Machi na katika wiki ya pili ya Oktoba hupita karibu kabisa juu ya utosi. Kisima chenye urefu wa mita 2.4 kutoka kusini kwenda kaskazini kitaruhusu jua la Juni kushuka kwenye ukuta wake wa kusini kiasi cha mita 4.2 kutoka ukingo wa juu. Nyumba yetu, pamoja na ukingo wa paa, ina kimo cha mita 6.5. Kwa hiyo jua hilo linaishia mita 2.3 juu ya sakafu ya chini, sentimita 20 tu juu ya dirisha la sebule.

Hapo ndipo uamuzi mdogo kwenye karatasi unapoonekana thamani yake. Ukingo wa paa upande wa kaskazini wa kisima ukipunguzwa kwa sentimita 60, jua la Juni hushuka hadi mita 1.7 juu ya sakafu, likagusa sehemu ya juu ya kioo cha sebule. Desemba chumba cha mama hakina tatizo, maana jua la kusini linaweza kushuka mita 8, kuzidi kimo chote cha nyumba. Kwa siku zilizosalia mwangaza wa sebule na chumba hicho hutoka kwenye anga lenyewe na kwenye kuta za kisima, na ndiyo maana kuta hizo hupakwa rangi nyeupe isiyong'aa na kupakwa tena kila baada ya miaka michache. Kisima chenye kuta za rangi ya udongo hupoteza sehemu kubwa ya mwanga kabla haujafika chini.

Mmiliki akitaka kuongeza ghorofa ya pili baadaye, hesabu hii inavunjika. Kwa kimo cha mita 9.5 kisima cha mita 2.4 kinakuwa bomba refu. Sakafu ya chini itabaki na mwanga hafifu wa anga pekee. Anayefikiria kupanda juu siku za usoni akipanue kisima tangu msingi, kwa kuwa hakuna anayeweza kukipanua zege likishakauka.

Upepo, harufu na maji

Kisima kinavuta hewa kwa sababu mbili. Hewa ya ndani ikipata joto hupanda na kutoka juu, na upepo ukipita juu ya paa huivuta zaidi. Katika miezi ya kusi upepo wa kusini mashariki huingia kupitia dirisha la mbele, hupita sebuleni na kutokea kisimani. Wakati wa kaskazi huingia kutoka upande wa ua. Ili mzunguko huo uwepo, madirisha yanayotazama kisima yawe ya kufunguka, na juu ya milango ya vyumba kuwe na nafasi ya wazi yenye wavu. Dirisha la kioo kisichofunguka hutoa mwanga lakini huua nusu ya faida.

Kwa kuwa kisima ni bomba la hewa, kila kinachowekwa ndani yake hufika kwenye vyumba vyote. Bomba la kupumulia choo, moshi wa jiko la mkaa na mashine ya kiyoyozi havipaswi kuelekezwa humo. Ndiyo sababu katika mchoro wetu jiko na choo vimepelekwa nyuma. Sakafu ya juu ikiwa na bafu linalopakana na kisima, dirisha lake linaweza kufunguka humo, lakini bomba la choo lazima lipande hadi juu ya paa, mbali na mdomo wa kisima.

Maji ya mvua yanahitaji hesabu yake. Sakafu ya kisima chetu ina mita za mraba 5.3. Mvua kubwa ya milimita 60 kwa saa itamwaga humo zaidi ya lita 300, kiasi ambacho bomba la inchi 4 hulimudu bila shida. Lakini fundi akielekeza nusu ya paa kisimani, kama inavyotokea pale mtu anapotaka kuokoa gharama ya mifereji, mita za mraba 40 za bati zitaleta lita 2,400 nyingine ndani ya saa hiyohiyo. Jani moja la mwembe likiziba tundu, maji yanaingia chumba cha mama. Kwa hiyo paa lote limwage mbele na nyuma, si kisimani. Sakafu ya kisima iwe chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimita 15, ielekezwe kwenye tundu lenye chujio, na kuwe na tundu la pili la dharura juu kidogo ya la kwanza. Mlango mdogo wa kuingilia kisimani ni wa lazima. Kisima kisichoingilika hakisafishwi, na kisichosafishwa hugeuka mazalia ya mbu.

Usalama huleta kishawishi kingine. Wavu wa nondo juu ya kisima ni jambo la busara. Kukifunika kwa bati la plastiki linalopitisha mwanga ni jambo tofauti, kwani joto hunaswa na hewa husimama. Anayelazimika kufunika kwa ajili ya mvua ainue kifuniko angalau sentimita 40 juu ya ukingo, pande zote zikiwa wazi. Wapo pia wanaoweka sakafu ya mbao juu ya kisima ili kupata stoo. Hao wameurudisha mchoro kwenye giza la katikati baada ya kuulipia.

Ukuta wa pamoja

Neno hili hutumika kwa vitu viwili tofauti, na kuvichanganya ni chanzo cha kesi nyingi. Kuna ukuta mmoja unaokaa juu ya mstari wa mpaka, nusu kwa huyu na nusu kwa yule, ukibeba nyumba zote mbili. Na kuna kuta mbili zilizosimama mgongo kwa mgongo, kila moja ndani ya kiwanja chake, zikiwa na mwanya mwembamba kati yake.

Ukuta mmoja huokoa tofali na nafasi. Lakini unawafunga majirani milele: huyu hawezi kubomoa bila yule kubaki wazi, na huyu hawezi kuongeza ghorofa bila kuuliza kama msingi wa pamoja utabeba. Unafaa pale nyumba mbili zinapojengwa kwa mkupuo mmoja, kwa mchoro mmoja na mhandisi mmoja. Kwa mmiliki anayejenga peke yake leo, huku jirani akiwa bado na nyumba ya zamani, kuta mbili ndizo zenye amani zaidi. Zikiwa na mwanya wa sentimita 3 hadi 5, nyumba moja inaweza kushuka kidogo ardhini bila kuichana nyingine. Mwanya huo ufunikwe juu kwa bati lililokunjwa na kuingizwa kwenye lipu upande mmoja tu, ili maji yasipenye na kila nyumba iendelee kucheza kivyake. Ukiachwa wazi, unyevu utatokea ndani ya vyumba vyote viwili, na kila mwenye nyumba atamlaumu mwenzake.

Ukuta wa mpakani hauwekwi dirisha, hata kama jirani hajajenga na hata kama ameruhusu kwa mdomo. Mwanga unaotoka juu ya ardhi ya mwingine ni wa kuazima, na siku atakapoinua ukuta wake chumba kitazibwa. Ukuta huo pia ndio kinga ya moto kati ya familia mbili. Kwa sababu hiyo upande kupita paa kwa kimo kitakachoelekezwa na zimamoto, na mbao za kenchi zisipenye kutoka nyumba moja hadi nyingine. Paa la bati lililovushwa mfululizo juu ya kuta za nyumba mbili ni njia ya wazi ya moto kusafiri darini bila kuonekana.

Sehemu ngumu iko ardhini. Ukuta wa tofali za inchi 6 kwa kawaida hukaa katikati ya kitako cha zege chenye upana wa sentimita 60. Ukuta ukiwa mpakani, kitako hicho kingetokeza sentimita 22 ndani ya kiwanja cha jirani, jambo ambalo ni uvamizi hata likifukiwa na udongo. Kitako kikisogezwa chote upande wa ndani, uzito wa ukuta unakaa ukingoni, nacho hutaka kupinduka. Mhandisi hulitatua hilo kwa mikanda ya zege yenye nondo inayokata nyumba kutoka ukuta wa mashariki hadi wa magharibi chini ya sakafu, ili kila upande uuzuie mwenzake. Kwenye kiwanja cha mita 6 mikanda hiyo ni mifupi na gharama yake si ya kutisha. Unene wake na nondo zake si mambo ya kukisia na fundi. Yahesabiwe na mhandisi aliyesajiliwa baada ya kuuona udongo.

Uchimbaji wenyewe una utaratibu. Msingi wa jirani wa zamani mara nyingi una kina kidogo, na mtaro mrefu ukichimbwa kando yake wote kwa siku moja, udongo unaoushikilia hukimbia. Mtaro huo hugawanywa katika vipande vya mita 1.2 hivi. Huchimbwa cha kwanza na cha nne, vinamwagwa zege na kuachwa vikamae, kisha cha pili na cha tano, mwishowe cha tatu. Ikiwa kina chetu kitapita chini ya msingi wa jirani, kazi isimame hadi mhandisi atoe mchoro wa kuuimarisha msingi huo, kwa gharama ya anayechimba.

Kabla ya jembe la kwanza, wenye nyumba wote wawili wapite ndani ya nyumba ya jirani wakipiga picha za kila ufa uliopo, na tarehe iandikwe. Kisha juu ya nyufa kubwa hupakwa tone la jasi lenye tarehe. Jasi likikatika wakati wa ujenzi, ukuta unatembea. Ufa unaopanda mshazari kutoka kona ya mlango, au mlango ambao jana ulifunga na leo unakwama, ni dalili ya msingi kushuka, na mtaro hufukiwa siku hiyohiyo wakati mhandisi akiitwa. Ufa mwembamba unaofuata mstari wa lipu pekee hauna uzito huo.

Visima viwili vikikutana

Upo mpango mmoja ambao majirani wa viwanja vyembamba hawautumii vya kutosha. Jirani wa mashariki naye ana mpango wa kujenga. Kama wote wawili wataweka visima vyao mkabala, kila kimoja kikigusa mpaka uleule, na ukuta kati yao ukaishia kimo cha mita 2.1, kila nyumba inapata anga lenye upana wa mita 4.4 badala ya 2.2, bila yeyote kutoa hata sentimita moja ya ziada. Mwanga wa asubuhi na wa alasiri, ambao kisima cha peke yake huunyima, sasa unaingia. Sitara inalindwa na ukuta huo wa chini. Na juu, madirisha ya vyumba yapangwe kwenye kuta za kusini na kaskazini, si ile inayotazamana na jirani.

Mpango huo una thamani pale tu unapodumu. Mwenye nyumba anayefuata akinunua na kuinua ukuta, mwenzake hana la kusema kama makubaliano yalikuwa ya barazani. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatambua haki ambayo mwenye kiwanja kimoja hupewa juu ya kiwanja cha mwingine, nayo haki hiyo inaweza kusajiliwa ili imfunge na mnunuzi wa baadaye. Majirani wamwone afisa ardhi wa halmashauri na wakili kabla ya kuandika. Waraka utaje kimo cha ukuta, vipimo vya visima vyote viwili, nani anapaka rangi na nani anasafisha tundu la maji, na uambatishwe mchoro wenye saini zao. Wenzi wa ndoa washirikishwe.

Maombi ya kibali

Michoro ya nyumba ya aina hii hurudishwa mara nyingi kwa sababu moja: imeonyesha vyumba vizuri lakini haikuonyesha nyumba za jirani. Afisa anayeikagua anataka kuona mchoro wa kiwanja wenye bikoni, kuta za majirani zilizopo, mahali pa karo la maji taka na uelekeo wa maji ya mvua. Anataka pia mchoro wa nyumba iliyokatwa kwa urefu, unaopita katikati ya kisima na kuonyesha kimo chake, na mwingine uliokatwa kwa upana kuonyesha vitako vya misingi mpakani. Michoro hiyo iandaliwe na mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na hesabu za zege zitoke kwa mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi. Barua ya ridhaa ya majirani na waraka wa visima viambatishwe tangu mwanzo, pamoja na nakala ya hati au leseni ya makazi.

Mmiliki wa kiwanja chetu cha mfano, akifuata mchoro huu, anapata takriban mita za mraba 79 kwa kila sakafu baada ya kutoa kisima, chumba cha mama chenye dirisha halisi, na sebule inayosomeka gazeti mchana bila taa. Siku ya kuanza kazi, kibali kinabandikwa kwenye bango mbele ya eneo, na mpimaji anarudi mara moja zaidi kabla ya zege la kwanza kumwagwa, kuhakiki kwamba kamba za fundi ziko ndani ya bikoni.